Pasipoti saizi za waombaji 600 kwa mpigo: nazikataje kwa kipimo kamili na uso ukae katikati?

StudioMakambako

Wakuu, habari za jioni.

Chuo kimoja cha huku kwetu kimenipa kazi ya picha za vitambulisho, waombaji wanakaribia 600. Karibu nusu nimewapiga mwenyewe kwa kamera pale ukumbini kwao. Waliobaki wako mbali, wametuma picha zao kwa WhatsApp, na kila mtu amejipiga anavyojua: mwingine kasimama mlangoni, mwingine kajaza uso skrini nzima, mwingine yuko pembeni kabisa na nusu ya picha ni ukuta.

Chuo kinataka kila picha iwe milimita 35 kwa 45, nukta 300 kwa inchi, uso katikati, na kutoka kidevuni hadi utosini kuwe asilimia 70 hadi 80 ya urefu wa picha. Jina la faili ni namba ya fomu ya mwombaji na halitakiwi kuguswa.

Kukata moja moja kwa mkono sitaki, muda hautoshi na vipimo vitapishana. Nimepata skripti ya Python inayotafuta nyuso kwa kutumia YuNet iliyomo ndani ya OpenCV. Sasa kuna jambo linanisumbua. Picha za WhatsApp, zile mbovu mbovu, uso inauona karibu kwenye zote. Picha zangu za kamera, safi, taa mbili, ukuta mweupe, nyingi inaniambia hakuna uso. Nimepunguza kiwango cha uhakika kutoka 0.9 hadi 0.5 na bado. Zaidi ya hapo, baadhi ya picha za simu uso unaonekana vizuri lakini kinachokatwa ni sikio na ukuta.

Aliyewahi kufanya kazi ya namna hii anielekeze.

---

Juma_Steshenari

Mkuu unajitesa bure. Hiyo kazi ni mstari mmoja wa ImageMagick, mimi nautumia kila msimu wa usajili:

```
mogrify -resize 413x531^ -gravity center -extent 413x531 *.jpg
```

Milimita 35 kwa nukta 300 ni pikseli 413, milimita 45 ni 531. Unaweka picha zote kwenye folda, unabonyeza, unakwenda kunywa chai. Zote zinatoka saizi moja.

---

Dada_Usajili

Kaka Juma, kabla mtu hajanakili hiyo amri aelewe kwamba `mogrify` inaandika juu ya faili lilelile. Ukiiendesha kwenye folda ya picha asilia, asilia zimekwenda. Angalau weka `-path tayari` ili zitoke kwenye folda nyingine.

Nafanya kazi ofisi ya usajili, na huwa tunazipokea picha zilizokatwa hivyo. Saizi ni sahihi kweli, ila mmoja uso uko juu kidevu kikiwa katikati ya picha, mwingine anaonekana kuanzia kiunoni. Mfumo unazipokea kwa sababu unapima pikseli tu. Anayezikataa ni mtu wa kuchapa vitambulisho.

---

Juma_Steshenari

Hiyo ni kwa sababu mpigapicha hakusimamisha kamera sehemu moja. Weka stendi, chora alama sakafuni kiti kikae hapohapo, mikato yote itafanana.

---

StudioMakambako

Kwa picha zangu ushauri wako una nusu ya ukweli, mkuu. Stendi niliweka na kiti hakikusogea. Lakini watu wanatofautiana urefu wa kiwiliwili, mmoja macho yako chini ya mwenzake kwa kiganja kizima, na sikuwa na kiti cha kupandisha na kushusha. Na hizi za WhatsApp hakuna stendi itakayozisaidia, zimeshapigwa.

---

BiKomputa_Tanga

Ndugu StudioMakambako, usiendelee kushusha kiwango cha uhakika, tatizo haliko hapo. Kamera yako inatoa picha za pikseli ngapi?

---

StudioMakambako

3000 kwa 4000 zikiwa wima, dada.

---

BiKomputa_Tanga

Basi ndiyo hiyo. YuNet imefundishwa kwa nyuso zenye ukubwa wa kati ya pikseli 10 na 300 hivi. Kwenye picha yako ya kamera uso peke yake una upana wa pikseli 600 au 700, kwa hiyo kwake umepita kipimo na anaona kitu kingine tu. Picha za WhatsApp zimeshapunguzwa njiani, uso una pikseli 150 au 200, na hapo anauona bila shida. Ndiyo maana mbovu zinakubali na nzuri zinakataa.

Dawa yake ni kutafuta uso kwenye nakala ndogo, kisha kurudisha namba kwenye ukubwa wa asili. Picha yenyewe ya kukatwa inabaki ile kubwa, hupotezi ubora wowote:

```python
import cv2, math
from PIL import Image, ImageOps

det = cv2.FaceDetectorYN.create(
    "face_detection_yunet_2023mar.onnx", "", (320, 320), 0.8)

def tafuta(img):
    h, w = img.shape[:2]
    s = 480 / max(h, w)
    ndogo = cv2.resize(img, (round(w*s), round(h*s)))
    det.setInputSize((ndogo.shape[1], ndogo.shape[0]))
    _, nyuso = det.detect(ndogo)
    if nyuso is None:
        return []
    return [n[:14] / s for n in nyuso]
```

Angalia ule mstari wa `setInputSize`. Usipoiambia ukubwa wa kila picha, yoyote yenye vipimo tofauti na vile ulivyoweka mwanzo italeta kosa. Upana ndio unaotangulia, kimo kinafuata, kinyume na OpenCV inavyotoa `shape`.

Jaribu kwanza hiyo kwenye picha zako za kamera, halafu turudi kwenye kukata. Kukata kuna mambo yake.

---

Mtafuta_Kadi

Samahani nadandia uzi. Mimi nataka ya Green Card, ile bahati nasibu, pikseli 600 kwa 600. Najaza fomu za watu wa mtaani kwetu, wako wengi. Hiyo 413 kwa 531 nikiivuta iwe 600 kwa 600 itakubaliwa?

---

BiKomputa_Tanga

Usiivute kabisa, ndugu. Ukivuta picha ya wima iwe mraba, uso unapanuka. Nitakujibu nikimaliza la mwenye uzi, maana hesabu ni ileile, namba tu ndizo tofauti.

---

StudioMakambako

Dada, mkono wako nauheshimu. Picha za kamera sasa zote zimepata uso isipokuwa chache, na kati ya hizo chache wawili wamefunika uso mpaka puani kwa barakoa, kwa hiyo ina haki kuzikataa.

Sasa kwenye kukata. Skripti yangu inachukua lile boksi la uso, inaongeza asilimia 40 kila upande, inakata. Saizi inatoka sawa, ila vichwa havifanani. Mmoja amebana juu, mwingine ana nafasi kubwa.

---

BiKomputa_Tanga

Boksi la uso usilitegemee kwa kipimo. Linaanzia mahali fulani kwenye paji, linaishia kidevuni au juu yake kidogo, na linachezacheza kutoka picha moja hadi nyingine. Chuo kinapima mpaka utosini, na utosi haumo ndani ya boksi. Ukiongeza asilimia 40 ya kitu kinachochezacheza, mchezo nao unaongezeka.

Kilichotulia ni macho na pembe za mdomo. YuNet inakupa vyote: baada ya namba nne za boksi inafuata jicho la kulia, jicho la kushoto, pua, pembe mbili za mdomo. Mimi nachukua nukta ya kati ya macho, nukta ya kati ya mdomo, napima umbali kati yake. Tuuite E. Kwa mtu mzima anayetazama mbele, kutoka macho hadi kidevu ni kama 1.7 ya E, na macho yako karibu nusu ya kichwa, kwa hiyo kichwa kizima ni kama 3.4 ya E.

Kwa nini nisitumie umbali wa jicho hadi jicho? Kwa sababu mtu akigeuza uso kidogo pembeni, macho yanasogeleana pichani na kichwa kinahesabiwa kuwa kidogo kuliko kilivyo. Macho hadi mdomo hakubadiliki kwa kugeuka pembeni. Kunapungua mtu akiinamisha kichwa, na kunaongezeka akiachama au akicheka sana, lakini hao wote picha zao hazifai kwa kitambulisho hata hivyo.

Tuchukue picha moja ya kwako. Tuseme jicho moja liko (1380, 1500), jingine (1640, 1510), na katikati ya mdomo ni (1510, 1750). Katikati ya macho ni (1510, 1505), kwa hiyo E ni 245. Kichwa ni 3.4 mara 245, yaani 833. Unataka kichwa kiwe asilimia 75 ya picha, kati ya 70 na 80 ili upate nafasi ya kukosea pande zote mbili. 833 gawa kwa 0.75 ni 1111, hicho ndicho kimo cha kipande cha kukata. Upana ni 1111 mara 35 gawa kwa 45, ni 864.

Imebaki kukiweka mahali. Kichwa kikichukua asilimia 75, inabaki 25 ya kugawana juu na chini. Mimi naweka 10 juu ya utosi na 15 chini ya kidevu, ili shingo na kola vionekane. Macho basi yanakaa kwenye 10 jumlisha nusu ya 75, yaani asilimia 47.5 kutoka juu. Ukingo wa juu ni 1505 toa 528, ni 977. Ukingo wa kushoto ni 1510 toa 432, ni 1078. Unakata hapo, unapunguza kufika 413 kwa 531, umemaliza.

```python
def kata(n, W=413, H=531, kichwa=0.75, macho=0.475, k=3.4):
    mx, my = (n[4]+n[6])/2, (n[5]+n[7])/2
    dx, dy = (n[10]+n[12])/2, (n[11]+n[13])/2
    E = math.hypot(dx-mx, dy-my)
    ch = k*E/kichwa
    cw = ch*W/H
    x, y = mx - cw/2, my - macho*ch
    return x, y, x+cw, y+ch
```

Hiyo 3.4 usiichukue kama Msahafu. Chagua picha kumi za waombaji wako wenyewe, wenye nywele fupi, pima kwa mkono kutoka kidevu hadi utosi, gawa kwa E. Wastani utakaoupata ndio `k` yako. Ukisoma 3.3 au 3.5, weka hiyo.

---

Juma_Steshenari

Haya dada, hapo nimeelewa na naona kwa nini yangu haitoshi. Swali dogo: mimi nikishakata nikaweka kwenye Word kuchapa, picha zinatokea kubwa kama bango, inabidi nizivute kwa jicho. Wakati pikseli ni 413 kwa 531 kamili.

---

BiKomputa_Tanga

Faili halina taarifa ya nukta kwa inchi. Programu isipoikuta inakisia, mara nyingi 96. Pikseli 413 kwa 96 ni sentimita 10.9, ndiyo bango lako. OpenCV ukihifadhi kwa `cv2.imwrite` haiandiki taarifa hiyo. Ndiyo maana mimi kutafuta uso nafanya kwa OpenCV, kukata na kuhifadhi nafanya kwa Pillow:

```python
pic = ImageOps.exif_transpose(Image.open(njia)).convert("RGB")
out = pic.resize((413, 531), Image.LANCZOS, box=kata(n))
out.save("tayari/" + jina, quality=95, dpi=(300, 300))
```

Kwenye amri yako ya ImageMagick ongeza `-density 300 -units PixelsPerInch`, utapata hilohilo.

Na humo kuna jibu la swali la pili la mwenye uzi, yale masikio na ukuta. Simu nyingi hazigeuzi picha zenyewe. Zinaihifadhi ikiwa imelala na kuandika kwenye EXIF kwamba igeuzwe wakati wa kuonyeshwa. `cv2.imread` inasoma maandishi hayo na kuigeuza. Pillow haiigeuzi mpaka uiambie kwa `exif_transpose`. Kwa hiyo OpenCV anakupa macho yalipo kwenye picha iliyosimama, wewe unakwenda kukata kwa namba hizohizo kwenye picha iliyolala. Unakata ukuta.

Mtu anayetaka kuhakikisha, alinganishe `pic.size` na `img.shape` kabla ya kukata. Upana na kimo vikibadilishana nafasi, amelipata. Ila picha iliyopinduliwa kichwa chini vipimo vyake havibadiliki, hiyo utaiona kwa macho tu.

---

StudioMakambako

Nimeongeza `exif_transpose`, masikio yamekwisha. Zilikuwa ni picha za simu zilizotumwa kama dokumenti, hazikupita kwenye mchujo wa WhatsApp, ndiyo maana zilibaki na EXIF yake.

Sasa zimejitokeza aina mbili za kosa. Baadhi Pillow inagoma, inasema `box can't exceed original image size` au `box offset can't be negative`. Na nyingine mbili tatu amekatwa mtu ambaye si mwombaji.

---

Dada_Usajili

Hao "si waombaji" ngoja nikisie: wamepigwa picha ofisini, ukutani kuna picha ya Rais?

---

StudioMakambako

Dada umejuaje! Mbili ni picha ya ukutani. Ya tatu ni fulana yenye sura ya mtu kifuani.

---

BiKomputa_Tanga

Chukua uso mkubwa kuliko wote, `max(nyuso, key=lambda n: n[2]*n[3])`. Lakini kama uso wa pili unafika nusu ya ule mkubwa, usiruhusu skripti iamue. Iweke kwenye folda ya `angalia` uione mwenyewe. Mama aliyejipiga na mtoto mgongoni ni mfano mzuri, mtoto akichungulia begani uso wake unaweza kukaribia wa mama.

Kuhusu Pillow kugoma, mimi naishukuru. Maana yake kipande kinachotakiwa kinatoka nje ya picha: nywele zimegusa ukingo wa juu au bega limekatwa. Kuna watu watakuambia ujazie kwa kurudia pikseli za ukingoni. Ukuta mweupe ukiwa umebaki juu ya kichwa, kujazia hakuonekani. Lakini kama ukingo umepita kwenye nywele, unapata michirizi meusi inayopanda juu, na kama ni begani, mtu anaota pembe. Mimi najaza juu tu, na pale tu ukingo mzima wa juu ni rangi moja. Wengine nawaandikia wapige upya.

---

Juma_Steshenari

Kwa nini usikuze kichwa kidogo? Badala ya 75 weka 80, kipande kinakuwa kidogo, kinaweza kuingia ndani.

---

BiKomputa_Tanga

Hilo ni sahihi na ni wazo zuri. Jaribu 0.75, ikigoma jaribu 0.78, ikigoma tena ndipo iende `angalia`. Sitafika 0.80 yenyewe, kwa sababu ile `k` ni makisio na mtu mwenye kidevu kirefu atavuka mpaka.

Jambo la pili la kuchuja ni ukubwa. Kipande chenye kimo chini ya 531 kinakuzwa, hakipunguzwi. Mtu aliyejipiga kasimama mlangoni, picha 1200 kwa 1600, kichwa chake kina pikseli 160. Wewe unahitaji 398. Hiyo unaivuta mara mbili na nusu, na uso unatoka kama umepakwa mafuta. Kimo cha kipande kikiwa chini ya 400 mimi nairudisha kwa mwenyewe na ujumbe: sogea karibu, tuma kama dokumenti. Kati ya 400 na 531 naitazama.

---

Dada_Usajili

Naomba nilete langu. Shule ya msingi ya jirani inataka vitambulisho vya watoto, darasa la kwanza hadi la tatu. Nimejaribu namba za Bi Komputa na watoto wengi wamekatwa utosi. Si sana, lakini nafasi ya juu ni finyu kuliko ya watu wazima.

---

BiKomputa_Tanga

Kwa watoto hiyo hesabu haiendi hivyo, dada, na umefanya vizuri kusema kabla watu hawajaibeba. Mtoto paji lake ni kubwa na sehemu ya chini ya uso haijakua, kwa hiyo macho yako chini ya nusu ya kichwa. E yake ni ndogo ukilinganisha na kichwa, na nafasi ya juu ya macho ni kubwa kuliko ya chini.

Pima watoto kumi kama nilivyosema, lakini pima mara mbili: kidevu hadi utosi upate `k`, halafu macho hadi utosi upate mahali pa macho. Ikiwa kwao macho hadi utosi ni asilimia 55 ya kichwa, badala ya 47.5 weka 10 jumlisha 0.55 mara 75, yaani 51. Usitumie namba moja kwa darasa la kwanza na kidato cha nne.

---

Mtafuta_Kadi

Na mimi dada, nisisahaulike.

---

BiKomputa_Tanga

Sikukusahau. Yako ni mraba, kuanzia 600 kwa 600 hadi 1200 kwa 1200, JPEG isiyozidi kilobaiti 240. Kichwa kinatakiwa kiwe asilimia 50 hadi 69 ya kimo, na macho yawe asilimia 56 hadi 69 kutoka chini. Kwenye `kata` weka `W=600, H=600, kichwa=0.60, macho=0.38`. Macho asilimia 38 kutoka juu ni 62 kutoka chini, uko katikati ya mpaka.

Mambo mawili tu. Wao wanahesabu kichwa pamoja na nywele, kwa hiyo dada mwenye nywele za kusimama `k` yake ni kubwa kuliko 3.4, mpime yeye mwenyewe. Na kukata kunaruhusiwa, kubadilisha sura hakuruhusiwi. Usisafishe ngozi, usifute miwani kwa programu. Miwani avue wakati wa kupigwa.

---

Mtafuta_Kadi

Miwani ya macho pia? Kuna mzee hapa haoni bila hiyo.

---

BiKomputa_Tanga

Pia. Picha za viza za Marekani hazikubali miwani tangu Novemba 2016. Avue kwa sekunde ya kupigwa tu.

---

StudioMakambako

Hapo kwenye nywele ndipo na mimi nimekwama. Chuo kimeandika "kidevu hadi utosi". Nina mabinti wenye afro na wenye misuko ya kupandisha juu, na nina wenye hijabu. Kwa hijabu hesabu ya macho na mdomo imefanya kazi vizuri, utosi hauonekani lakini kichwa kimekaa mahali pake. Kwa afro, kichwa kiko 75 kweli, ila nywele zimekatwa juu na picha inaonekana kama nimekosea.

---

Dada_Usajili

Kwetu nywele zikikatwa inarudishwa, hata kama kipimo cha fuvu ni sahihi. Mtu wa kuchapa hatazami fuvu.

---

BiKomputa_Tanga

Mimi nasimama upande wa kipimo: utosi ni utosi, nywele si kichwa. Ukipunguza kichwa cha mwenye afro ili nywele ziingie, uso wake unakuwa mdogo kuliko wa wenzake wote, na kitambulisho ni cha uso. Ninachokubali ni kushuka mpaka 0.70 kwa hao, bado uko ndani ya masharti, na kushusha macho kidogo hadi 0.50 ili nafasi ya juu iongezeke. Nywele zikizidi hapo, ziache zikatwe.

---

Dada_Usajili

Hapo hatukubaliani, dada yangu. Binti akiona picha yake imekatwa nywele ataona hakuthaminiwa, na kitambulisho atakivaa miaka mitatu.

---

StudioMakambako

Nitawauliza chuo kwa maandishi, kwa sababu wao ndio watakaozirudisha. Kwa sasa wenye afro nimewaweka folda yao kwa 0.70.

Niulize la mwisho: nazikaguaje zote bila kufungua faili moja moja?

---

BiKomputa_Tanga

Zipange kwenye karatasi za picha ndogondogo:

```
montage tayari/*.jpg -tile 8x6 -geometry 120x154+4+4 -label '%t' ukaguzi.jpg
```

Rekebisho: `-label '%t'` itangulie kabla ya majina ya faili, ndipo namba ya fomu itokee chini ya kila picha:

```
montage -label '%t' tayari/*.jpg -tile 8x6 -geometry 120x154+4+4 ukaguzi.jpg
```

Utapata `ukaguzi-0.jpg`, `ukaguzi-1.jpg` na kuendelea, 48 kwa kila karatasi. Usitazame sura, tazama mstari wa macho. Kwa kuwa macho yote yamewekwa asilimia 47.5, kila safu inakuwa na mstari mmoja ulionyooka wa macho. Aliyekosewa anatoka kwenye mstari na unamwona papo hapo. Wale wa 0.70 wakague kwenye karatasi yao, la sivyo watakuchanganya.

Na usipeleke hizo picha kwenye tovuti za kukata bure. Ni sura na namba za fomu za watu, na Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hii skripti inafanya kazi bila intaneti ukishapakua faili la YuNet.

---

Juma_Steshenari

Mkuu StudioMakambako, ukipata jibu la chuo kuhusu nywele lirushe hapa. Na mimi nina shule mbili zinanisubiri, nataka nijue nianzie 0.75 au 0.70 kwa wote.

---

Dada_Usajili

Kaka Juma, kama mojawapo ni ya msingi, anza na kupima watoto kumi. Mimi nimepima wa darasa la pili leo: macho hadi utosi imenitokea 54, siyo 50, na `k` imepanda kufika 3.7. Kwa namba hizo hakuna aliyekatwa.

---

StudioMakambako

Chuo wamejibu kwa simu: nywele ziingie zote, na uso ukishuka hadi asilimia 65 kwa hao hawatazirudisha. Nimewaomba waliandike, bado nasubiri barua pepe. Nikiipata nakata hilo kundi upya.